Naomba ushauri: picha ya jengo iliyopigwa kiangazi igeuke ya baada ya mvua, jengo lenyewe lisiguswe

Rula_na_Penseli:
Wadau, habari za leo. Ninaomba msaada kuhusu picha moja ambayo imeninyima usingizi kwa usiku wa tatu sasa. Mteja wangu, ambaye ni mkandarasi, anatengeneza kalenda ya mwaka ujao, na ukurasa wa Machi ameutenga kwa ajili ya maktaba ya shule aliyoijenga nje kidogo ya mji wa Dodoma. Picha niliyo nayo niliipiga wiki moja baada ya Nane Nane, saa tatu asubuhi, wakati ardhi imekauka kabisa, majani ya mwarobaini yamefunikwa na vumbi, na hewa yenyewe ina umanjano. Yeye anataka ionekane kana kwamba mvua imekatika dakika kumi zilizopita. Siwezi kusubiri mvua ya kweli, kwa sababu Dodoma huanza kunyesha kwenye Desemba, na kalenda inakwenda kuchapwa mwishoni mwa Oktoba.

Jengo halina ghorofa. Lina baraza lenye nguzo sita, ukuta wa lipu uliopakwa rangi ya krimu, madirisha ya nondo na bati la bluu. Nilifungua GIMP, nikaitia picha nzima giza, nikabandika anga la mawingu mazito, kisha nikaligeuza jengo juu chini ili kupata taswira yake kwenye madimbwi na kuipitishia `Ripple`. Matokeo yake picha imekuwa kama ya magharibi, na kwa kuwa `Ripple` ilivuka mpaka wa dimbwi, nguzo ya pili imejipinda kama muwa. Mkandarasi aliitazama mara moja tu akaniambia kwamba hilo si jengo lake. Nimekosea wapi?

Kibatari:
Dada, kosa lako ni dogo. Umetia giza vizuri, lakini umesahau rangi. Mvua huondoa vumbi hewani, kwa hiyo punguza manjano, ongeza bluu kidogo, halafu kaza tofauti ya weusi na weupe kwenye vitu vya mbali, kwa sababu vumbi ndilo lililokuwa likivifanya vififie. Ukimaliza hapo, picha nzima itaonekana imelowa. Madimbwi hayana ugumu wowote: geuza jengo, libandike kuanzia ukingo wa dimbwi, basi.

Fundi_Bomba:
Mimi nina tatizo kama lako. Ukuta wangu wa mbele ukipigwa na mvua unabaki na alama za maji hadi siku tatu, na rangi imeanza kubanduka usawa wa goti. Je, ni lipu au ni msingi haukuwekewa nailoni?

Rula_na_Penseli:
Fundi, pole sana, lakini mimi nazungumzia picha. Ukuta wangu ni mkavu, na hilo ndilo tatizo langu.

Fundi_Bomba:
Samahani, nilisoma kichwa cha habari tu. Lakini kama ni hivyo, kwa nini msikodi boza la maji mkaumwagia uwanja, kisha ukapiga picha upya?

Mzee_Kamera:
Wazo la Fundi si la kuchekwa, kwa sababu wapiga filamu humwagia maji barabara kila siku, na nitalirudia hapo chini. Kibatari naye yuko sahihi kuhusu vumbi la hewani na vitu vya mbali. Lakini hakuna picha inayolowa yote, na taswira ya jengo haianzi kwenye ukingo wa dimbwi.

Dada Rula, kabla ya kugusa rangi yoyote, tazama vivuli. Picha ya saa tatu asubuhi mwezi wa nane ina kivuli kikali cha upenu kwenye ukuta, kivuli cha kila nguzo kwenye sakafu ya baraza, na kivuli cha mwarobaini uwanjani. Wewe umeweka anga la mawingu mazito juu ya vivuli hivyo, na jicho la mtu linakataa hata kama mwenyewe hajui linakataa nini, kwa sababu chini ya wingu zito kivuli cha namna hiyo hakipo. Kuvifuta ni kazi ya siku nzima, na kila unapofuta unalazimika kubuni ukuta ambao kamera haikuuona vizuri, yaani unaanza kujenga jengo jipya. Usifanye hivyo. Chagua hali ya hewa ambayo vivuli vyako vinairuhusu: mvua imepita, jua limechomoza tena upande uleule lililokuwapo, na mawingu meusi yamesogea nyuma ya jengo. Hilo kwetu ni jambo la kawaida kabisa, na ukilichagua, jengo linabaki jinsi lilivyopigwa.

Baada ya hapo jiulize ni kitu gani kinakunywa maji na kipi hakinywi. Udongo, saruji isiyopakwa rangi, tofali na gome la mti hunywa. Maji yakishajaa kwenye vitundu vyake, mwanga unaingia ndani zaidi na unaorudi ni mchache, ndiyo maana udongo uliolowa hurudisha takribani nusu tu ya mwanga uliokuwa ukirudishwa na udongo mkavu, na rangi yake hukolea. Bati, kioo na nondo zilizopakwa rangi ya mafuta havinywi, kwa hiyo havitiwi giza. Vinaoshwa tu, na vinang'aa kuliko mwanzo. Lipu yako yenye rangi iko katikati, nayo itategemea mvua ilitoka upande gani. Chini ya upenu ukuta unabaki mkavu, sakafu ya baraza inalowa ukingoni tu, na sehemu ya chini ya ukuta uliopigwa na mvua hupata madoa ya tope lililoruka kutoka ardhini. Mpaka huo wa kikavu na kilicholowa ndio unaomshawishi mtazamaji. Giza la jumla humfanya afikirie jioni, kama lilivyokufanyia wewe.

Kwa hiyo picha ya asili iwe leya ya chini kabisa, uifunge isiweze kuguswa. Juu yake weka nakala moja ya udongo kwa hali ya `Multiply`, na nyingine ya ukuta uliolowa, kila moja na `Layer Mask` yake. Juu ya jengo badilisha mwanga na rangi peke yake. `Ripple`, `Warp` na ndugu zao wasivuke kamwe mstari wa chini wa ukuta. Kila baada ya hatua mbili tatu kuza picha hadi asilimia 200 kwenye kona ya upenu, zima na uwashe leya za juu haraka haraka, na kama ukingo wa bati unaruka hata kidogo, umelisogeza jengo.

Nuru_Asubuhi:
Kama jua liko nyuma ya mpiga picha, basi aweke na upinde wa mvua. Wateja wa kalenda wanaupenda sana.

Mzee_Kamera:
Unaweza kuwepo, lakini si popote unapotaka. Upinde hukaa nyuzi 42 kuzunguka mahali kivuli cha kichwa cha mpiga picha kinapoelekea, kwa hiyo jua likipanda zaidi ya nyuzi 42 upinde unazama chini ya upeo wa macho. Kipimo rahisi ni kivuli cha nguzo ya wima: kikiwa kifupi kuliko nguzo yenyewe, sahau upinde. Na vivuli vya picha hii vinakwenda kulia, maana yake jua lilikuwa kushoto na upinde ungeangukia nje ya fremu au pembeni kabisa. Mimi nisingeuweka.

Rula_na_Penseli:
Ninashukuru sana, Mzee wangu. Nimefuta lile anga na kuweka mawingu yanayoondoka, na papo hapo picha imetulia. Bado madimbwi yananishinda. Nilisimama kama mita 18 kutoka ukutani, kamera ikiwa usawa wa macho yangu, karibu mita 1.6. Upenu uko mita 3 kutoka ardhini, na kilele cha paa ni mita 4.5, kikiwa mita 4 nyuma ya upenu.

Mzee_Kamera:
Vipimo hivyo vinatosha. Geuza jengo juu chini, kisha likutanishe na lenyewe pale ukuta unapogusa ardhi. Nimesema ardhi, sio sakafu ya baraza, kwa sababu baraza limeinuliwa na ule msingi wake nao una taswira. Halafu dimbwi liwe kama dirisha: linaonyesha kipande kile tu cha taswira kinachoangukia ndani yake. Kwa vipimo vyako, dimbwi lililo mita 8 kutoka kwako litaonyesha ukuta kwenye urefu wa karibu mita 2. Lililo karibu zaidi ya mita 6 litaonyesha anga tupu, wala usilazimishe nguzo kuonekana humo.

Ukuta wa mbele unageuka sawasawa, lakini paa haligeuki. Dimbwi linalitazama jengo kana kwamba jicho liko mita 1.6 chini ya ardhi, na kutoka huko mteremko wa bati hauonekani vizuri. Nimepiga hesabu: paa kwenye taswira litakuwa chini ya nusu ya kimo linachokionyesha juu. Lifinye kwenye ile nakala iliyogeuzwa peke yake. Kwa haki kabisa ungepaswa pia kuonyesha upande wa chini wa upenu, lakini kwa ukubwa wa kalenda hakuna atakayeuona.

La mwisho ni nguvu ya taswira. Maji hayawi kioo sawasawa kila mahali. Kwenye dimbwi la mita 8 karibu theluthi moja ya mwanga ndiyo inayorudi, lakini kwenye dimbwi la mita 3, lililo karibu na miguu yako, ni chini ya sehemu moja ya kumi, kwa hiyo pale utaona rangi ya tope na weupe hafifu wa wingu. Punguza `Opacity` polepole kadiri unavyokuja mbele. Na hapa ndipo ninapolirudia boza la Fundi: chukua ndoo, mwaga maji uani kwako saa tatu asubuhi kwenye udongo na juu ya tofali la saruji, piga picha ukiwa umesimama, kisha weka picha hiyo pembeni ya kazi yako.

Kibatari:
Nimejifunza, Mzee. Lakini mimi bado naona giza kidogo la jumla linasaidia. Wingu jeusi likiwa nyuma, mwanga wa kivulini lazima upungue.

Mzee_Kamera:
Kivulini, ndiyo, nakubaliana nawe. Juani, hapana.

Rula_na_Penseli:
Nimemwaga ndoo. Tofali limeniduwaza: upande wa juu umekuwa mweusi, lakini pembeni maji yameshuka kwa michirizi na kuacha vipande vikavu katikati, na ndani ya dakika chache ncha zake zilikuwa zimeanza kupauka tena. Nimeiga michirizi hiyo kwenye ukuta wa upande wa kushoto, na mkandarasi amekubali jengo ni lake. Mambo mawili yamebaki. Majani ya mwarobaini yana pindo jeupe pale yanapokutana na anga jipya, na kila ninapolifuta ninakula majani. Pia sijui kama kalenda iandikwe kwamba picha imehaririwa, maana uwanja ule mimi sijauona ukinyeshewa, na inawezekana maji hayatuami hapo kabisa.

Fundi_Bomba:
Hilo la kutuama ndilo ningeliuliza mimi. Mwambie mkandarasi akuonyeshe mtaro wa maji uko wapi kabla hujamwekea madimbwi mlangoni.

Mzee_Kamera:
Kuhusu majani, usiyakate. Iweke leya ya mawingu kwenye `Multiply` hapo kwenye mti tu, ili weupe wa anga la zamani kati ya majani utiwe giza na wingu lenyewe. Majani yatakuwa na giza kidogo zaidi, jambo ambalo baada ya mvua halina ubaya.

Rula_na_Penseli:
Nimejaribu, na pindo limeisha isipokuwa kwenye tawi moja la juu. Kuhusu mtaro, mkandarasi amesema uko nyuma ya jengo na uwanja unateremkia kulia, kwa hiyo dimbwi la mlangoni nimeliondoa na kubakiza mawili ya kulia. Hilo la kuandika kwamba picha imehaririwa bado tunabishana.