Mlezi amenirudishia mswada wa hadithi fupi una maoni 34. Nichukue yapi, niache yapi?

Karatasi_Tupu
Wakuu, naomba ushauri. Nina hadithi fupi ya maneno kama 3,200, kurasa 9. Mlezi wangu wa uandishi ameirudisha ikiwa na maoni 34 pembeni. Mengi ni ya tahajia na maneno yaliyojirudia, hayo hayanisumbui. Yanayonisumbua ni haya:

Uk. 1: "Safari ndefu. Kata."
Uk. 4: "Mbona anasaini upesi hivi?"
Uk. 6: "Kumbe ana deni?"
Uk. 9: "Mwisho haujanigusa. Mfanye arudishe hela."
Mwisho wa faili: "Fikiria kuhamia nafsi ya tatu."

Hadithi kwa ufupi: Zuhura anarudi kwa mama yake, anamshawishi wauze shamba aliloacha marehemu baba, wanasaini, anaondoka na fungu lake. Anasimulia mwenyewe. Deni lake nimelificha mpaka ukurasa wa 6 kwa makusudi, ili msomaji ashtuke. Na huo mwisho siko tayari kuubadilisha, maana Zuhura ni mtu asiyegeuka nyuma. Nikikubali yote naona hadithi haitakuwa yangu tena. Nikikataa, naogopa kuonekana mkaidi. Mnachujaje?

Mzee_wa_Wino
Dada, kipimo ni kimoja tu: maoni yanayokuuma ndiyo ya kweli. Yasiyokuuma yapite. Kwa hiyo huo mwisho unaoung'ang'ania ndio wa kubadilisha kwanza.

Bi_Mhariri
Mzee wangu, hapo umegusa nusu. Maoni huuma yakiwa ya kweli, lakini huuma vilevile msomaji akiwa ameruka aya au amesoma akiwa na hadithi nyingine kichwani. Maumivu yanakuambia urudi kwenye ukurasa ukatazame. Hayakuambii utakachokikuta.

Karatasi_Tupu, kila maoni yatenganishe mafungu mawili: alichokihisi mlezi akisoma, na dawa aliyoipendekeza. "Mwisho haujanigusa" ni alichokihisi. Hapo huwezi kubishana naye, hakuguswa basi hakuguswa. "Mfanye arudishe hela" ni dawa, na dawa hiyo inatoka kwenye hadithi ambayo angeiandika yeye. La kwanza lichukue kwa uzito wote, la pili lipime kama pendekezo la mtu mwingine yeyote. Na pale alipoandika dawa peke yake, kama "Kata", jiulize alihisi nini hata akaandika hivyo. Kwa kawaida anayesema "kata" amechoka, na msomaji huchoka pale asipojua anasubiri nini.

Sasa yapange hayo matano upya. Safari inachosha kwa sababu Zuhura yuko njiani na hatujui anakimbilia nini. Anasaini upesi kwa sababu hatujui kinachomsukuma. Deni linatushangaza kwa sababu halikutajwa. Mwisho haugusi kwa sababu ile saini ya ukurasa wa 4 haikumgharimu kitu mbele ya macho yetu. Manne hayo yana chanzo kimoja, nacho ni lile deni ulilolificha. Mlezi hakukiandika popote, ila amekizunguka kuanzia ukurasa wa 1 mpaka wa 9.

Kwa hiyo usianze na mwisho. Lete deni ukurasa wa 1, sentensi mbili au tatu tu: ujumbe wa mdai unaoingia akiwa safarini, wenye tarehe ya mwisho. Safari hiyohiyo huenda isihitaji kukatwa nusu, maana kila kituo sasa kinakula muda wake. Kisha soma ukurasa wa 4 na wa 9 bila kugusa neno. Ukiona mwisho bado umepoa, hapo ndipo pa kuufanyia kazi.

Mtafiti_Mchovu
Kwetu kwenye tasnifu hakuna kuchagua. Msimamizi akisema badilisha, unabadilisha, halafu unatengeneza jedwali la safu tatu: maoni, nilichofanya, ukurasa. Tengeneza hilo jedwali, jibu yote 34, umemaliza. Mimi sura ya tatu nimeirudia hivyohivyo.

Bi_Mhariri
Jedwali ni zuri, mwambie aongeze safu ya nne ya sababu. Ila tasnifu ina msimamizi ambaye idhini yake inahitajika ili kazi isonge. Hadithi ina mlezi, naye hasaini popote. Halafu ukijibu 34 kwa mpangilio wa kurasa, utahangaika kurekebisha sentensi za ukurasa wa 2 ambazo kesho utazifuta. Muundo kwanza, tahajia mwisho kabisa.

Nafsi_ya_Kwanza
Naomba niongezee kwenye yale maoni ya tano, maana Bi_Mhariri ameyaruka. Msimulizi wa "mimi" anajua kila anachokijua Zuhura. Akikaa kurasa tano bila kutaja deni linalomnyima usingizi, msomaji anaona amefichwa kwa hila. Akisimulia mtu wa nje, ukimya huo hauonekani udanganyifu. Pengine mlezi alihisi hila hiyo ndiyo maana akataka nafsi ya tatu. Ukilileta deni mbele, sababu yake huenda ikaondoka yenyewe.

Ukitaka uhakika, usigeuze hadithi nzima. Chukua tukio la kusaini peke yake, maneno kama 400, liandike kwa nafsi ya tatu kwenye faili la pembeni. Usibadilishe "nilisaini" kuwa "alisaini" ukaishia hapo, kwa sababu msimulizi wa nje anaona vitu ambavyo Zuhura havitazami, kama mkono wa mama juu ya karatasi. Ukiona tukio limepata kitu kipya, fikiria upya. Likibaki lilelile, acha.

Bi_Mhariri
Hapo kwa mama nina shaka. Kama Zuhura hautazami mkono wa mama, huenda kutoutazama huko ndiko hadithi yenyewe. Mimi ningebaki na "mimi".

Nafsi_ya_Kwanza
Inawezekana. Lakini msomaji atajuaje kwamba kuna mkono asioutazama?

Karatasi_Tupu
Asanteni sana. Maswali mawili. Lile la mshtuko wa ukurasa wa 6, ndiyo limekufa? Na mlezi nimwambieje kuhusu mwisho?

Bi_Mhariri
Mshtuko wa "kumbe ana deni" umekufa, na hauna hasara: mlezi alipoufikia aliuliza swali badala ya kushtuka. Ukitaka kitu cha kufichua ukurasa wa 6, fichua kwamba mama alijua tangu mwanzo. Hilo Zuhura halijui, kwa hiyo msimulizi wako hafichi chochote.

Kwa mlezi, usimwandikie utetezi wa kila kipengele. Mwandikie kifupi: "Deni nimelileta ukurasa wa 1 kwa sababu ya maoni yako ya uk. 4 na 6. Mwisho nimeuacha kwanza. Ukisoma tena, niambie ni wapi unaacha kumjali Zuhura." Swali la "wapi" litakupa ukurasa. Ukimuuliza "mwisho sasa ni mzuri?" atakujibu ndiyo au hapana, na hutapata pa kuanzia.

Mzee_wa_Wino
Na kama amerekebisha ndani ya faili lenyewe, usibonyeze Accept All Changes. Utakubali pamoja na sentensi alizozigeuza kwa sauti yake. Hifadhi nakala ya kwanza, kisha pitia moja moja ukisoma kwa sauti. Ambapo Zuhura ataanza kuongea kama mlezi, utasikia.

Bi_Mhariri
Hilo nakuunga mkono kabisa, Mzee.

Karatasi_Tupu
Naanza na ukurasa wa 1. Tukio la kusaini nitaliandika kwa nafsi zote mbili, niyaweke hapa yote muyasome kabla sijampelekea.