Tupeane uzoefu: umewahi kukagua kampuni iliyo nyuma ya kampeni ya uwekezaji mtandaoni kabla ya kutuma hela?

Mzee_wa_Makambako:
Wakuu, habari za jioni. Mwezi wa tatu shemeji yangu alinirushia tangazo la shamba la parachichi. Hisa moja laki tano, mavuno ya kwanza baada ya miaka mitatu, picha za miche inapendeza, na chini kabisa cheti cha kampuni kutoka Uingereza. Tangazo linasema wapo kazini tangu 2016. Shemeji alishatenga milioni mbili, akawa ananisubiri mimi tu.

Cheti kilikuwa na namba ya tarakimu nane. Nikaingia kwenye tovuti ya Companies House, msajili wa makampuni wa Uingereza, pale mtu yeyote anatafuta bure bila kufungua akaunti, nikaipiga ile namba. Kampuni ikatokea, imeandikwa "Active". Nakiri moyo ulitulia, nikataka kufunga simu niende kula.

Kilichonirudisha ni tarehe. Kampuni ya "tangu 2016" ilikuwa imeandikishwa Novemba iliyopita. Nikabonyeza "Filing history", nikakuta hati moja tu, ile ya kuzaliwa kwake. Nikaifungua. Mtaji: hisa moja ya pauni moja. Mkurugenzi mmoja, na jina lake halifanani hata kidogo na wale watatu wenye suti kwenye tangazo. Anuani ya ofisi ni jengo la London ambalo ukilitafuta humohumo yanatoka makampuni kwa maelfu.

Bado nikajipa moyo, labda ni kampuni mpya ya watu wa zamani. Nikamwambia shemeji aanze kulipa kwa Lipa Namba waliyotoa, ila akifika pale panapotokea jina la mpokeaji asiweke namba ya siri, anisomee kwanza. Likatokea jina la tatu kabisa, linaishia na "Enterprises". Nikalitafuta kwenye ORS, mfumo wa mtandaoni wa BRELA, msajili wa makampuni na majina ya biashara wa Bara, nikalikuta. Ila ni jina la biashara, siyo kampuni.

Kwa hiyo tangazo lina jina lake, cheti kina jina lake, na hela inakwenda kwa wa tatu. Hatukutuma. Wenzangu mmewahi kukutana na hali gani?

Kijana_wa_Msimbazi:
Mzee umejichosha bure. Mimi nikionyeshwa cheti cha BRELA na TIN, kwangu imeisha. Tapeli hawezi kwenda TRA kujianika.

Wakili_Mstaafu:
Mdogo wangu wa Msimbazi, miaka kumi na tisa nilikaa idara ya sheria ya benki, na hilo la TIN nimelisikia kwa watu waliokuja kulia mbele ya meza yangu. TIN inasema serikali inajua pa kukudai kodi. Cheti cha BRELA kinasema jina hili limeandikishwa. Hakuna kati ya hivyo viwili kinachosema huyu anaruhusiwa kupokea hela za watu awazalishie. Ruhusa hiyo inatoka kwingine. Ukikusanya amana za umma, mlango ni Benki Kuu. Ukiuza hisa au vipande vya mfuko wa uwekezaji kwa umma, mlango ni CMSA, Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, na orodha ya iliowapa leseni ipo wazi kwenye tovuti yake. Wenye umri wangu wanakumbuka DECI ya 2009, ule mpango wa kupanda na kuvuna hela. Viongozi wake walipofikishwa mahakamani, mashtaka yalikuwa kuendesha upatu na kupokea amana za umma bila leseni. Habari ya kuwa na cheti au kutokuwa nacho haikuwaokoa.

Sasa Mzee wa Makambako, umeona mengi lakini kuna moja umelipita. Hao wanauza "hisa" kwa kila aliye kwenye grupu la wasapu, sivyo? Kampuni binafsi, hizi za "Limited" tunazozijua sote, kwa sheria yetu ya makampuni ya 2002 katiba yake yenyewe inaizuia kuwaalika watu wa kawaida wanunue hisa zake, na wanachama wake wasizidi hamsini, ukiwatoa wafanyakazi. Uingereza nako kampuni binafsi haitangazi hisa zake hadharani namna hiyo. Kwa hiyo hata kama cheti ni halisi, wakurugenzi ni halisi na shamba lipo, grupu lenye watu mia nne wanaonunua hisa ni swali tosha. Waulize tu: hisa hizo zitaandikwa kwenye daftari gani la wanahisa, na mtanipa nini kinachoonyesha jina langu? Mara nyingi jibu linakuwa "tutakutumia cheti cha umiliki", na hicho cheti wamekichora wenyewe.

Na hilo jina la biashara, lielewe vizuri. Jina la biashara siyo mtu mbele ya sheria, ni kofia tu aliyovaa mtu. Mambo yakiharibika unayemdai siyo "Enterprises", ni aliyeivaa, na hela yako imechanganyika na yake ya mboga. Omba BRELA taarifa rasmi, utaoneshwa mmiliki ni nani.

MamaZuu_Tanga:
Poleni jamani. Mimi nilichangia mtoto mgonjwa mwaka jana, picha inatembea kila mahali, elfu ishirini yangu ikaenda. Baadaye naambiwa mtoto mwenyewe alishapona siku nyingi. Huyo naye nimtafute BRELA?

Salama_Leicester:
Mama Zuu, shikamoo. Huyo BRELA humpati, maana ni mtu binafsi. Kama mchango ungekuwa wa shirika ningekwambia uanze na msajili wa NGO. Kwa mgonjwa mmoja uliza hospitali gani, halafu lipia kwa namba ya malipo ya hospitali yenyewe. Wa kweli hawachukii ukilipa bili moja kwa moja.

Nirudi kwa mzee. Mimi naishi huku Uingereza, na napenda watu wa nyumbani wajue kile cheti kinachowatisha kinapatikanaje. Mpaka Mei 2024 kufungua kampuni kwa mtandao ilikuwa pauni 12, unajaza ukiwa umelala kitandani. Na kabla ya Machi 2024 Companies House hawakuwa na nguvu ya kisheria ya kumhoji mtu kwa alichojaza, walikuwa wanapokea na kuhifadhi. Siku hizi wameanza kuwataka wakurugenzi wathibitishe utambulisho, ila usitegemee kwamba kila kilichomo kimehakikiwa. "Active" maana yake haijafutwa, basi.

Yangu yalikuwa mabaya kuliko hayo. Mtandao wa kukopeshana fedha, wakaweka na namba ya FCA, yaani mamlaka inayotoa leseni za fedha huku. Nikaingia kwenye rejista ya FCA, namba ikatoka, jina likatoka, leseni safi. Nilichofanya, na sijui nani aliniongoza, sikupiga simu iliyo kwenye tangazo, nilipiga ile iliyo ndani ya rejista. Dada akapokea, nikamweleza, akasema "hatuna kitu kama hicho". Walikuwa wameazima jina la kampuni ya watu, herufi kwa herufi, wakabadilisha simu na barua pepe tu. Tena tovuti yao ilipishana na ya kweli kwa kistari kimoja katikati ya jina.

Kijana_wa_Msimbazi:
Haya, nimewasikia. Basi nifupishe: haipo BRELA, tapeli. Ipo BRELA, angalia leseni. Sawa?

Chande_Unguja:
Si sawa ndugu yangu, na hili lilinigusa mwenyewe. Kampuni yetu imesajiliwa Zanzibar. Huku msajili ni BPRA, siyo BRELA. Mteja wa Morogoro alitutafuta BRELA, hakutuona, akatuandika mtandaoni kuwa ni wezi, na skrini-shoti akaweka. Ilituchukua wiki tatu kulisafisha jina. SACCOS nayo hutaiona BRELA, iko kwa msajili wa vyama vya ushirika. Kwanza uliza umesajiliwa wapi na kama nini, ndipo ujue rejista ya kufungua. Asiyeweza kujibu swali hilo dogo, hapo ndipo pa kusimama.

Otieno254:
Kwetu Kenya watu wanatumiana CR12, ile karatasi inayoonyesha wakurugenzi na wenye hisa. Niliwahi kutumiwa moja kwa PDF, safi kabisa, na jina la mwanasiasa mmoja kama mwenye hisa. Nikaingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, nikalipa mwenyewe nitoe yangu. Yule mheshimiwa hayumo! Walikuwa wameihariri, wakamwongeza. Tangu siku hiyo sisomi CR12 ya kupewa. Tena iangalie tarehe, kwa sababu inaonyesha hali ya siku ile tu, hisa zinaweza kuuzwa kesho yake.

Mkulima_Halisi:
Mie nina ugomvi na hilo la jina la Lipa Namba. Nina kampuni, imesajiliwa, nauza miche. Ila Lipa Namba yangu ina jina la duka nililofungua zamani kabla ya kampuni. Wateja nao ndivyo walivyoizoea. Kwa mnavyosema, mimi tapeli?

Mzee_wa_Makambako:
Mkulima, wewe unauza mche, mtu anaondoka nao mkononi. Hawa wanachukua hela leo kwa ahadi ya miaka mitatu. Mie ningekuomba akaunti ya benki yenye jina la kampuni, basi.

Mkulima_Halisi:
Mche wa parachichi nao ni ahadi ya miaka mitatu, mzee. Nikikuuzia usio wa aina ya Hass utajua lini?

Wakili_Mstaafu:
Hapo amekushika. Jina tofauti peke yake halitoshi kumhukumu mtu, wafanyabiashara wengi wadogo ndivyo walivyo. Ila mkataba uandikwe kati yako na nani? Kama mkataba unataja kampuni na risiti inataja duka, siku ya kudai kampuni itasema haikupokea kitu, na duka litasema halikuahidi kitu. Mkulima, badilisha hiyo namba, siyo kwa ajili ya mzee, kwa ajili yako.

Mzee_wa_Makambako:
Nilete na mrejesho. Niliwauliza yale maswali mawili, la wakili na la Chande, kwenye grupu: daftari la wanahisa liko wapi, na mmesajiliwa wapi kama nini. Admini akajibu "fomu zinaandaliwa", dakika kumi baadaye nikawa nimetolewa. Shemeji bado yumo. Jana ameniambia wameleta cheti kipya, safari hii cha BRELA, na jina limeongezwa "Holdings" mwishoni. Anataka niliangalie tena. Nimeliona kwenye ORS, lipo, lina siku tisa.