Naomba ushauri: makala iliyowasilishwa kongamanoni 2019, ikachapishwa 2021

Ndugu wanajukwaa, ninakamilisha orodha ya marejeleo ya tasnifu yangu kwa mtindo wa APA, toleo la 7, na nimekwama kwenye makala moja. Mwandishi aliiwasilisha kongamanoni mwezi Septemba 2019, kisha ikatoka mwaka 2021 katika kitabu cha makala za kongamano hilo, chenye mhariri na mchapishaji.

Kwa makala iliyochapishwa, nimeandika jina la mwandishi, mwaka 2021, kichwa cha makala kwa herufi za kawaida, neno "Katika", jina la mhariri, jina la kitabu kwa italiki, kurasa 45–58 katika mabano, na mwisho mchapishaji. Sikuweka mji, kwa kuwa toleo hili halidai mahali pa uchapishaji.

Tatizo ni kwamba jedwali ninalolihitaji lilikuwa kwenye slaidi za 2019 tu; kitabuni liliondolewa. Kwa hiyo naona siwezi kulinukuu kwa mwaka 2021, maana msomaji atafungua kurasa hizo asilione. Nimeandaa ingizo la pili: mwandishi, mwaka pamoja na siku zote za kongamano, kichwa kwa italiki, maelezo "[Uwasilishaji wa makala]", jina la kongamano na mahali lilipofanyika, bila kurasa wala mchapishaji.

Je, ni sahihi kuweka maingizo yote mawili, la 2019 likitangulia, na ndani ya matini kutaja mwaka peke yake bila siku?