Mjadala: Damu ya sikio la mbwa inyonywe tu, au mtaalamu akatae mpaka sikio lichunguzwe?

Mwenye mbwa, Raskazone

Hapa Tanga nimemwita mtaalamu nyumbani mara mbili, akanyonya damu ya sikio la mbwa wangu kwa sindano na kuondoka, na sikio likajaa tena. Je, mtaalamu anayejua kwamba damu hurudi akatae kunyonya mpaka sikio lichunguzwe ndani, au anyonye kwa kuwa ndicho tunachoweza kulipia?

Ofisa mifugo, Pongwe

Mimi sioni sababu ya kukataa. Sikio lililojaa damu ni zito na linauma, na mbwa hukaa ameinamisha kichwa upande mmoja. Nikiitoa kwa sindano nene, kisha nikalifunga sikio kichwani kwa bendeji, mnyama hupata nafuu siku hiyohiyo, na wapo waliopona kwa mara moja. Mwenye mbwa anayeambiwa aanze na vipimo, dawa ya usingizi na nyuzi mara nyingi harudi tena, na sikio likiachwa hivyo hujikunja na kuwa gumu kama ngozi iliyoanikwa juani.

Daktari wa mifugo, Chumbageni

Ndugu yangu wa Pongwe, kuhusu maumivu na kujikunja kwa sikio umesema kweli. Tunapotofautiana ni mahali ugonjwa ulipo.

Damu ile haikai chini ya ngozi tu, kama wengi wanavyodhani. Mbwa anapotikisa kichwa na kujikuna, gegedu la sikio huchanika, na mishipa midogo huvuja ndani ya mwanya huo, hasa upande wa ndani usio na manyoya. Huendelea kuvuja mpaka shinikizo la damu iliyojaa liizuie. Ukiinyonya unaondoa shinikizo hilo, huku mwanya ukibaki pale pale kwa sababu hakuna kilichoshikamanisha kuta zake. Mabonge yaliyoganda hayapiti kwenye sindano, na tundu la sindano huziba upesi. Kisha mbwa anatikisa kichwa tena, kwa kuwa kinachomwasha hakijaguswa.

Niliwahi kuletewa mbwa dume wa ulinzi kutoka nyumba iliyo karibu na ufuko, mwenye masikio ya kulala na aliyezoea kuingia baharini. Alikuwa amekwisha kunyonywa, na sikio la kushoto lilijaa tena baada ya siku tatu. Hakuna aliyekuwa amelinusa sikio hilo. Nilipoliinua nilikuta harufu nzito, nta nyingi ya kahawia, na tundu lililovimba hata sikuweza kuona kiwambo cha sikio. Nta niliyoichukua kwa pamba, nikaipaka kwenye kioo na kuitia rangi, ilionekana kwa hadubini kuwa imejaa fangasi. Sikio la kulia, ambalo mwenyewe aliliona zima, lilikuwa nao pia, ingawa kwa uchache. Tundu la sikio la mbwa hushuka kwanza, kisha hupinda kuelekea ndani, kwa hiyo maji yakichanganyika na nta pale kwenye pindo hayatoki kwa urahisi, na fangasi hupata unyevu na joto wanavyovihitaji.

Sikuanza na kisu. Nilimpa vidonge vya prednisoloni kwa siku chache ili uvimbe wa tundu upungue, nikahakikisha kwamba kiwambo ni kizima, ndipo nikaanza matone ya kuua fangasi katika masikio yote mawili. Hatua ya kiwambo hairukwi, kwa maana baadhi ya matone, yakiwamo ya jentamaisini, yakipenya kiwambo kilichotoboka yanaweza kumtia mbwa uziwi. Baadaye, akiwa amelala kwa dawa ya usingizi, nilimsafisha sikio kwa kina, nikalipasua upande wa ndani, nikatoa mabonge, na kushona nyuzi nyingi zilizopita unene wote wa sikio ili kuta zishikamane, huku mpasuo ukiachwa wazi kidogo ili majimaji yatoke. Nyuzi hufuata urefu wa sikio, kwa sababu mishipa mikubwa hutoka shinani kwenda nchani, na nyuzi zinazoikingama zinaweza kukifisha kipande cha sikio. Zilitolewa baada ya wiki tatu. Matone yaliendelea mpaka nta ilipopimwa upya na kuonekana safi. Hatukuacha siku harufu ilipokwisha, kwa kuwa harufu hutangulia kuondoka na fangasi hubaki nyuma.

Mfugaji, Ngamiani

Mnahangaika bure na hadubini. Wangu alivimba sikio baada ya kugombana na mbwa wa jirani, nikalipasua kwa wembe, ukatoka usaha, akadungwa sindano za penisilini na akapona. Huyu wa Raskazone afanye hivyo hivyo.

Daktari wa mifugo, Chumbageni

Ulilopasua wewe lilikuwa jipu la jeraha la meno, na swali hili si la jipu. Jipu la namna hiyo huwa na alama ya kung'atwa, na mara nyingi mbwa huwa na homa. Damu ya sikio hutokea ghafla, pengine ndani ya siku moja, ikiwa laini na yenye kubonyea, na sindano hutoa majimaji mekundu yasiyo usaha. Wembe bila dawa ya ganzi ni mateso kwa mnyama katika hali zote mbili, nami nakusihi usirudie.

Mama mwenye mbwa, Makorora

Shikamooni. Wangu hana nta wala harufu, lakini ana kupe wengi, hata ndani ya masikio. Sikio lilijaa damu, na juzi damu ikamtoka puani. Naye anahitaji matone?

Daktari wa mifugo, Chumbageni

Marahaba, mama. Kupe walio masikioni wanatosha kumfanya atikise kichwa, lakini damu ya puani inanitia shaka zaidi. Kupe wa mbwa huambukiza ugonjwa wa ehrlichia, ambao hupunguza chembe za kugandisha damu. Usikubali mtu amchome sindano sikioni wala kumpasua kabla ya kupimwa damu, na mpeleke leo.

Ofisa mifugo, Pongwe

Hilo la kupe nalipokea, na kuanzia sasa nitauliza kabla ya kuchoma. Hata hivyo, Daktari, mimi sina hadubini, na wateja wangu wengi hawana fedha ya upasuaji. Je, nikitia ganzi, nikaweka ule mrija mdogo wa plastiki wa chuchu za ng'ombe ili damu itoke yenyewe kwa wiki mbili au tatu, na nikampa prednisoloni, bado utasema ni kazi ya bure?

Daktari wa mifugo, Chumbageni

La, si kazi ya bure. Mrija hutoa damu kila inapojikusanya, na prednisoloni hupunguza uvimbe na mwasho, hivyo mbwa hatikisi kichwa. Wapo madaktari ninaowaheshimu wanaonyonya na kuingiza steroidi, dawa ya jamii ya prednisoloni, ndani ya mwanya, na masikio mengi yanapona bila kushonwa. Mimi naogopa jambo moja: dawa hiyo hiyo inamfanya mwenye mbwa aone amepona, wakati maambukizi yanaendelea chini kwa chini na tundu linazidi kuwa jembamba. Hata bila hadubini unaweza kulinusa sikio, kulitazama kwa taa na kuangalia rangi ya nta. Kwa hiyo mimi ningekataa kunyonya pale tu mwenye mbwa anapokataa hata hayo.

Ofisa mifugo, Pongwe

Kulinusa na kulitazama nakubali. Kumkatalia mnyama mwenye maumivu kwa kosa la mwenyewe, hapo bado sijaafiki.

Mwenye mbwa, Raskazone

Nimeliinua sikio sasa hivi. Nta ipo, ya kahawia, na sikio la pili nalo lina harufu. Naomba kujua kama nimsafishe kwa vijiti vya pamba kabla ya kumleta.

Daktari wa mifugo, Chumbageni

Usitie kijiti, kwa kuwa kitaisukuma nta ndani zaidi, nami nahitaji kuiona kama ilivyo. Mzuie kuingia baharini, na umlete kesho asubuhi akiwa hajala, endapo italazimu kumlaza kwa dawa ya usingizi.