Barua kwa mhadhiri: muhtasari tayari, ila kuna palipomezwa na skani na palipo na giza. Nirekebishieni kabla sijatuma

Hori_la_Mikindani (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Nasoma historia mwaka wa pili hapa Mtwara. Mhadhiri alitupa kurasa 32 za kitabu cha Kiingereza alizoskani mwenyewe, zinahusu mradi wa karanga wa Waingereza, ule ulioanza 1947 ukafika mpaka Nachingwea. Kila mtu afupishe, amtumie kwa barua pepe kabla ya Ijumaa, na aulize ambapo hakuelewa. Muhtasari nimemaliza. Barua ndiyo hii:

"YAH: MUHTASARI WA USOMAJI. Shikamoo Dokta. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwanafunzi wako wa mwaka wa pili. Naambatanisha muhtasari wa kazi uliyotupa. Kuna sehemu nyingi sijazielewa na nyingine hazisomeki, hasa katikati. Naomba msaada wako. Wako mtiifu."

Mwenzangu wa chumbani kasema hiyo "sehemu nyingi" itanichongea. Mnasemaje?

Korosho_Ghafi

Mwenzako yuko sahihi. Usiseme hujaelewa, maana mhadhiri atajua hukusoma. Mwambie tu skani ni mbovu, atume nyingine. Lawama zinabaki kwenye mashine, wewe unalala.

MamaWawili_Masasi

Mwanangu, angalia uzito wa faili. Mimi nilipokuwa naomba uhamisho wa kituo nilituma vyeti vyote kwa mkupuo, imeili ikagoma siku mbili bila mimi kujua. Jimeili mwisho ni MB 25. Na barua ya kazi lazima iwe na namba ya simu.

Hori_la_Mikindani

Mama shikamoo. Siyo barua ya kazi, ni ya mhadhiri. Lakini la uzito umenishtua: nilitaka kumrudishia na skani yake, ina MB 38.

Mkutubi_Mstaafu_Lindi

Skani usimrudishie, anayo. Piga picha ya mistari yenye utata tu.

Korosho yuko sawa nusu. Skani ikiwa mbovu, sema. Ila ukisema "hazisomeki" basi, atafungua kurasa 32 akitafuta mwenyewe, hataona tatizo kwa sababu kitabu anacho mezani, na atakujibu "soma tena". Umechanganya mambo mawili. Pale ambapo karatasi imekunyima maneno unamwomba akufungulie kitabu. Pale ambapo maneno yote unayaona na hoja haikuingii, unamwomba akufundishe. La kwanza analijibu kwa dakika moja, la pili linataka akae chini. Zitenganishe.

Hebu tutajie hizo sehemu moja moja.

Hori_la_Mikindani

Nikihesabu vizuri kumbe ni tatu tu.

Ukurasa wa 14: ukubwa wa shamba lililopangwa, nimeandika ekari 8,210,000 ila tarakimu ya kwanza ina ukungu.

Ukurasa wa 18: reli ilianza kujengwa kutoka Mkwaya, halafu miisho ya mistari imeingia kwenye mshono wa kitabu. Chini naona "bandari ya Mtwara". Sijui kwa nini reli ianzie Mkwaya.

Ukurasa wa 22: panasomeka vizuri kabisa. Mwandishi anasema udongo wa Kongwa ulionekana kufaa karanga, halafu anasema udongo huohuo ndio uliozuia kuvuna. Unafaaje na haufai?

Mkutubi_Mstaafu_Lindi

La 14 usimuulize kabla hujalijaribu mwenyewe. Kwenye skani 3 na 8 ni ndugu: wino ukivuja, 3 inafunga mdomo. Tazama kama jirani kuna tarakimu za kupimia. Mpango wa awali uligawa eneo katika mashamba 107, kila moja ekari 30,000. Yamo?

Hori_la_Mikindani

Yamo! Ukurasa wa 15: mashamba 80 Tanganyika, 17 Rodesia ya Kaskazini, 10 Kenya.

Mkutubi_Mstaafu_Lindi

Jumla 107. Zidisha kwa 30,000, unapata 3,210,000. Nane imekufa. Kwenye barua andika: "nimeisoma 3,210,000 kwa kuwa mashamba 107 ya ekari 30,000 yanatoa jumla hiyo, naomba uthibitishe." Hapo hakuna atakayesema hukusoma.

La 18 ni tofauti. Mimi wa Lindi naweza kukwambia kwamba bandari ya Mtwara ilikuwa bado inajengwa, kwa hiyo mizigo ya mwanzo ilishushwa Mkwaya, kwenye hori la Lindi, na reli ikaanzia huko. Bandari yenyewe ilikamilika 1954, wakati mradi ulishavunjwa 1951. Lakini kujua historia siyo kujua maneno ya mwandishi. Huenda anasema hivyo, huenda analaumu uamuzi huo. Nakili mstari kama ulivyo, palipomezwa weka mabano ya mraba, [maneno mawili au matatu hayaonekani], uambatanishe picha. Usijaze kwa akili yako.

Na kila mahali taja namba mbili: ukurasa uliochapwa kitabuni na picha ya ngapi kwenye faili.

Hori_la_Mikindani

Kweli, kila picha ina kurasa mbili na sura inaanzia ukurasa wa 8. Kwa hiyo 14 ni picha ya 4, 18 ni ya 6, 22 ni ya 8.

MamaWawili_Masasi

Hilo la udongo nakujibu mimi, nimelima karanga miaka yote. Karanga inazaa chini. Udongo wenye mfinyanzi mvua ikiwepo ni laini, mbegu inaota vizuri na unafurahi. Mvua ikikata unakuwa tofali. Ukivuta shina linakukatikia mkononi, karanga zinabaki chini, na jembe likipiga linaruka.

Korosho_Ghafi

Basi jibu limepatikana, afute swali.

Mkutubi_Mstaafu_Lindi

Asifute. Mama kaeleza shamba, mhadhiri ataeleza mwandishi. Aandike: "naelewa kwamba udongo ulikuwa laini wakati wa mvua na mgumu wakati wa kuvuna, je, ndicho anachomaanisha, au anasema wapimaji walikosea tangu mwanzo?" Mimi nahisi ni hilo la pili, ila sura hiyo sijaiona.

Bweni_la_Pili

Toeni na hiyo "shikamoo", hii ni barua rasmi. Na "husika na kichwa cha habari" mwulize mtu yeyote maana yake.

MamaWawili_Masasi

Kichwa cha habari toa. Shikamoo iache, huyo ni mkubwa wake.

Bweni_la_Pili

Kwa mdomo sawa, mama. Kwenye maandishi "Ndugu Mhadhiri" inatosha.

Hori_la_Mikindani

Nimeandika upya:

"YAH: MUHTASARI WA SURA YA MRADI WA KARANGA (UK. 8–39) NA MASWALI MATATU

Shikamoo Dokta. Naambatanisha muhtasari wangu. Mawili yanahusu skani: uk. 14 (picha ya 4), tarakimu ya ekari, nimeisoma 3,210,000 kwa sababu ya mashamba 107 ya ekari 30,000, na uk. 18 (picha ya 6), miisho ya mistari kuhusu reli ya Mkwaya imemezwa na mshono, picha nimeiambatanisha. Naomba maneno yaliyomo kitabuni. La tatu ni la hoja: uk. 22 (picha ya 8), kuhusu udongo wa Kongwa..."

Hapo nimeweka kama alivyosema mkutubi, kisha jina, namba ya usajili na kozi. Natuma sasa hivi.

Mkutubi_Mstaafu_Lindi

Subiri. Kwenye muhtasari wenyewe ile nane umeitoa?

Hori_la_Mikindani

Aisee. Bado ipo aya ya pili, na nilishaigeuza kuwa hekta milioni 3.3 kwenye aya ya mwisho.

Mkutubi_Mstaafu_Lindi

Inatakiwa iwe kama milioni 1.3. Tafuta na sentensi yoyote uliyoijenga juu yake.

Hori_la_Mikindani

Ipo moja, nimelinganisha na ukubwa wa mkoa. Ngoja nirudi mezani.