Tupeane uzoefu: mara ya kwanza ulimwandikia nini msambazaji wa nchi nyingine kuhusu kampuni yako na bidhaa zako?

Viungo_Muheza

Wakuu, salaam. Nasaga na kufungasha viungo hapa Muheza, na mzigo wangu sasa unavuka Horohoro kwenda kwa msambazaji mmoja Mombasa. Watu kadhaa wameniuliza faragha nilijitambulishaje kwake hadi akajibu. Naweka hapa wazi, na aliyepitia njia hii aweke yake, hata kama ni nchi nyingine na bidhaa nyingine.

Barua yangu ilikuwa ukurasa mmoja. Historia ya kampuni niliipa sentensi mbili tu, kwa sababu anayeuza madukani hatafuti wasifu wangu. Anataka kujua mzigo unatoka wapi, naweza kutoa kiasi gani kila mwezi bila kukatika, na nani ananunua kwangu sasa hivi. Sehemu ya mwanzo ilisema hivi:

"Tunanunua pilipili manga, mdalasini, iliki na karafuu moja kwa moja kwa wakulima wa milima ya Usambara Mashariki, tunasaga na kufungasha wenyewe Muheza. Bidhaa zetu zina alama ya ubora ya TBS. Kwa sasa tunauza kwenye maduka ya Tanga na Dar es Salaam, na tunaweza kukutengea katoni 150 kila mwezi kuanzia mzigo wa kwanza. Tumeona mnasambaza chai na mchele kwa maduka ya Mombasa na Kilifi lakini hamna viungo vya kusaga, ndiyo maana tunawaandikia nyinyi."

Hiyo sentensi ya mwisho naipenda kuliko zote. Kabla ya kuandika nilipita madukani kule nikatazama nani analeta nini, kwa hiyo aliyeisoma alijua haijatumwa kwa watu hamsini.

Bidhaa ninazo kumi na tisa. Nilimwonyesha tano: pilipili manga, mdalasini, iliki, karafuu na masala ya pilau, zote za gramu 50. Kila moja ilikuwa na picha ya pakiti mbele na nyuma, uzito, pakiti ngapi kwenye katoni, vipimo vya katoni, muda wa kukaa dukani na namba ya msimbopau. Mwisho nikaandika kwamba sampuli zipo na nitazituma kwa gharama yangu. Nyie mlifanyaje?

Mama_Kongowea

Mimi niko upande wa pili, nasambaza Mombasa hadi Malindi, na barua kama hizi huzipata kila wiki. Ndugu yangu wa Muheza, yako ningeisoma hadi mwisho. Nyingi huja na katalogi ya kurasa thelathini, picha ya mkurugenzi, dira na dhamira, halafu bei hamna. Sasa mimi nitajuaje kama nina biashara hapo?

Niwaambie jinsi ninavyosoma, labda itawasaidia. Naanza kwenye rafu na kurudi nyuma. Tuseme pilipili manga ya gramu 50 ya mwenzako inauzwa shilingi 120 za Kenya. Humo mna VAT ya asilimia 16, kwa hiyo ukiitoa inabaki kama 103. Supamaketi wangu anataka asilimia 20 yake, inabaki kama 83. Mimi nami nikichukua asilimia 20, maana nina gari, dereva, na deni la duka linalolipa baada ya siku 60, inabaki 66. Kusafirisha na kutoa mzigo mpakani tuweke shilingi nne kwa pakiti. Basi wewe bei yako ikizidi 62, ama nikuache ama nikuuze ghali kuliko jirani yako kwenye rafu, na jina lako hakuna anayelijua bado. Hizo asilimia ni zangu, mwingine ana zake, lakini hesabu tunaipiga sote hivyohivyo. Anayeniandikia akiwa ameshaipiga namjua mara moja.

La pili ni katoni. Ukiniletea pakiti 96 zimemwagwa tu ndani, duka dogo la Likoni halichukui 96, linachukua dazeni. Nitafungua, nihesabu, nifunge upya, na kijana wa kufanya hivyo namlipa mimi. Weka vifurushi vya 12, vinane kwenye katoni, na kila kifurushi kibebeke peke yake.

Viungo_Muheza

Mama, ahsante. Katoni yangu ni hiyo hiyo ya 96, kilo 4.8 za kiungo chenyewe, lakini vifurushi vya ndani aliviomba mteja baadaye. Bei nilimpa ya kutoka kiwandani Muheza, kwa shilingi ya Tanzania.

Mama_Kongowea

Bei ya Muheza inanisaidia kidogo tu. Horohoro sijui utalipa nini na dereva wako sijui atadai nini. Nipe ya Mombasa, mzigo ukiwa umeshavuka, kisha kama nataka kuja na gari langu tutaondoa usafiri.

Ngamiani_Boy

Wakuu mnajisumbua. Kenya na Tanzania zote ni Jumuiya ya Afrika Mashariki, ushuru sifuri. Kwenye barua andika tu "bidhaa za Afrika Mashariki" na uonyeshe msimbopau unaoanza na 620. Hiyo 620 ni ya Tanzania, inathibitisha mzigo ni wa Tanzania. Mimi nimevusha sabuni za mwani hivyo na sikuulizwa.

Wakala_Horohoro

Kaka Ngamiani, una nusu ya ukweli. 620 inaonyesha namba ilisajiliwa Tanzania, basi. Mtu anaweza kufungasha viungo vya India kwa namba hiyohiyo. Forodha wanaangalia cheti cha uasili. Kwa mzigo usiozidi dola 2,000 kuna cheti kilichorahisishwa, kinajazwa hapohapo mpakani kama bidhaa ipo kwenye orodha iliyokubaliwa. Ukizidi hapo unatafuta cheti kamili kabla gari halijaondoka. Na ushuru sifuri hauondoi VAT ya Kenya, Mama ameshaipiga hapo juu. Alama ya TBS ndiyo inayokusaidia upande wa ubora, kwa sababu KEBS wanaitambua chini ya utaratibu wa Jumuiya. Hapo ndugu wa Muheza alifanya vyema kuitaja mwanzoni.

Ila nina swali kwake. Hiyo masala ya pilau, bizari nyembamba unaitoa wapi?

Viungo_Muheza

Dar, kwa waagizaji. Inatoka India.

Wakala_Horohoro

Basi hiyo itenge. Pilipili manga, mdalasini, iliki na karafuu zimelimwa hapa, asili yake haina mjadala. Masala imechanganya cha hapa na cha nje, na kanuni za uasili za Jumuiya zinasema wazi kwamba kuchanganya kwa kawaida na kufungasha havitoshi kuipa bidhaa uasili. Ofisa mmoja anaweza kuipitisha, wa zamu nyingine akaizuia, na ikizuiwa inakaa kwenye gari moja na zile nne zisizo na tatizo. Nimeshuhudia mzigo mzima ukilala kwa ajili ya katoni sita. Waulize TRA kwa maandishi kabla hujaiweka kwenye orodha ya bei, kwa sababu bei uliyomtajia msambazaji imechukulia ushuru ni sifuri.

Viungo_Muheza

Imepita mara zote hadi sasa, lakini nimekuelewa. Mzigo ujao itabaki, na nitaandika TRA wiki hii. Wakinijibu nitaleta hapa.

Neema_wa_Sakina

Samahani jamani, na mimi natafuta kampuni ya kunipa bidhaa niwe wakala Arusha. Nianze na mtaji wa shilingi ngapi?

Mama_Kongowea

Mwanangu, hapa wanaongea wenye viwanda wanaotafuta watu kama wewe. Fungua uzi wako, uandike unauza maduka mangapi na una usafiri gani. Wenye bidhaa watakuja wenyewe.

Kaka_Lubum

Salamu kutoka Lubumbashi. Huku mambo ni tofauti kidogo. Mimi ninasaidia kiwanda kimoja cha sabuni ya mche cha Dar es Salaam kupata wateja wakubwa. Barua yao ya kwanza ilikuwa ya Kiingereza, na mzee mwenye depo hakuisoma, aliiweka pembeni. Tukaiandika upya kwa Kifaransa, bei kwa dola, na bei ikawa ya mzigo ukiwa umefika mlangoni kwake. Gari linatoka Dar, linapita Tunduma, linakatiza Zambia nzima kama mzigo wa kupita tu, halafu Kasumbalesa. Mzee hakutaka kusikia habari za Tunduma. Alitaka kujua katoni moja inafika Lubumbashi kwa dola ngapi na siku ngapi.

Jambo lingine alilouliza ni uzito wa mche ukishakauka. Sabuni inaandikwa gramu 800 kiwandani, ikikaa depo inapoteza maji, na wateja wake wanapima. Kiwanda kikaongeza mstari mmoja kwenye karatasi ya bidhaa unaotaja uzito baada ya miezi mitatu. Huo mstari ndio uliofungua maongezi. Kongo imeingia Jumuiya tangu 2022, lakini msimwahidi mtu sifuri huku kabla ya kuuliza forodha ya huku.

Bint_Seeb

Mie niko Maskat. Ami yangu Pemba alitaka kuleta viungo vya chai hapa, nikampeleka kwa msambazaji mmoja. Swali lake la mwanzo halikuwa bei. Aligeuza pakiti akatafuta Kiarabu. Viambato, uzito, nchi, tarehe ya kutengenezwa na ya kwisha, vyote lazima viwepo kwa Kiarabu. Alikubali kibandiko kwa mzigo wa mwanzo, mradi kisifunike tarehe. La pili akauliza muda. Viungo vya ami vilikuwa vya miezi 12, na kwa meli, bandari na ghala vingemfikia vimeshakula miezi mitatu au minne. Akasema kama havina miezi 18 asihangaike. Ikabidi ami abadilishe karatasi ya pakiti, aweke ile yenye foili ndani, kisha aombe vipimo upya. Sampuli zimekwenda, jibu bado.

Ngamiani_Boy

Nimekubali la cheti, Wakala. Lakini bei kwenye barua ya kwanza mimi siweki. Ukiiweka anaichukua anakwenda kumshindanisha mwenzako nayo.

Mama_Kongowea

Atafanya hivyo hata ukimpa baadaye. Weka bei ya katoni moja na bei ya katoni hamsini, na tarehe ambayo bei hiyo inakwisha. Mimi asiyetaja bei simpigii.

Viungo_Muheza

Kuna moja bado linanisumbua. Mteja wangu anataka awe peke yake pwani yote ya Kenya, na aliliomba kwenye jibu lake la kwanza kabisa, hata sampuli hajapokea. Nilimwambia tuuze miezi sita kwanza. Wapo wanaosema bora utoe haki hiyo ya kuwa peke yake mapema ili aweke nguvu kwenye jina lako. Mama, wewe unaitaka?

Mama_Kongowea

Naitaka, ndiyo. Nikizungusha pilipili yako mwaka mzima madukani, halafu umuuzie na jirani yangu wa Kongowea, kazi yangu ameivuna yeye. Lakini siiombi bure. Natamka katoni ngapi kwa mwezi, na nisipozifikisha unaichukua.

Wakala_Horohoro

Na ukiandika "pwani", taja kaunti. Kuna anayeona Taita Taveta ni pwani na kuna asiyeiona hivyo, na mzigo wa Voi unaweza kuingia kwa Holili bila kupita kwako kabisa.