Ofa inaingia Ijumaa jioni, jibu linatakiwa Jumatatu saa 6 mchana. Huu ni ustaarabu gani?

Kalamu_Butu:
Wakuu, nina hasira, mnivumilie. Usaili mara tatu, kisha nikasubiri wiki sita. Ijumaa tarehe 12, saa 11 na robo jioni, barua pepe ikaingia: nimechaguliwa, nijibu kabla ya Jumatatu saa 6 mchana, kazi inaanza tarehe 1. Nikapiga simu ofisini kwao, ikaita mpaka ikakata. Wao wiki sita, mimi wikiendi moja, na wa kumuuliza hayupo!

Malipo wameandika "jumla 1,000 kwa mwezi" (si tarakimu halisi, chukulieni ni mafungu). Sasa hivi mshahara wangu ghafi ni 850, basi nikaruka kwa furaha. Kufungua kiambatanisho nakuta 700 ni mshahara wa msingi, 120 posho ya makazi, 80 usafiri, na 100 ni mchango wa mwajiri kwenye mfuko wa pensheni. Hiyo 100 naihesabuje kuwa mshahara wakati haipiti mikononi mwangu? Kumbe ghafi yangu ni 900, na kodi bado haijakatwa. Ongezeko la 150 limebaki 50.

Na hiyo tarehe 1! Mkataba wangu wa sasa una notisi ya siku 30. Nikiandika Jumatatu tarehe 15, natoka katikati ya mwezi ujao. Niliwaambia kwenye usaili wa pili, na mmoja wao akaandika kabisa kwenye daftari.

Mzee_wa_Kona:
Unajisumbua bure. Kubali kwanza, barua pepe si mkataba. Ukipata pazuri zaidi unaingia mitini.

Bi_Faili:
Mzee wa Kona, hapo unampoteza mwenzio. Ni kweli mkataba wenyewe huja baadaye, lakini ofa ikishataja kazi, malipo na tarehe, ukiandika "nimekubali", sehemu nyingi hayo ni makubaliano tayari. Inategemea sheria ya mahali na maneno ya barua yenyewe.

Kalamu, umeiona ile 100, lakini mimi ningeanza na ile 700. Mshahara wako wa msingi sasa ni kiasi gani?

Kalamu_Butu:
800, na 50 ya usafiri.

Bi_Faili:
Basi msingi unashuka kwa 100. Soma mkataba wa huko uone malipo ya saa za ziada, kiinua mgongo na mchango wa pensheni vinakokotolewa kwa msingi au kwa ghafi. Kama ni kwa msingi, unahama na nyongeza ya 50 kwenye karatasi huku hayo mengine yote yakipungua.

Halafu tafuta sentensi yenye neno "itategemea". Huwa wanaichimbia chini kabisa, karibu na sahihi.

Tumaini_88:
Jamani mimi nilisailiwa miezi miwili iliyopita, mpaka leo kimya. Nipige simu au nitaonekana nina njaa?

Kalamu_Butu:
Tumaini piga tu, ila fungua uzi wako ndugu yangu.

Bi Faili, nimeiona: "Ofa hii itategemea uhakiki wa vyeti na majibu ya wadhamini." Mdhamini mmojawapo ni bosi wangu wa sasa, ambaye hajui lolote!

Bi_Faili:
Basi usiandike notisi mpaka wakuthibitishie kwa maandishi kwamba uhakiki umekwisha. Tarehe ya kuanza ihesabiwe kutoka siku hiyo. Waombe pia wasimguse bosi kabla hujazungumza naye.

Kuwa makini na lugha. Ukiandika "nakubali, ila msingi uwe 800", wanaweza kuhesabu kwamba umeikataa ofa yao na kuleta yako. Ukiandika "naomba ufafanuzi kabla ya kujibu, na muda hadi Jumatano", umeuliza tu. Tuma leo leo, saa ionekane.

Mtoka_Ofisini:
Nimekaa upande wa pili wa meza miaka kadhaa. Ijumaa jioni mara nyingi ni kwa sababu mkubwa amechelewa kusaini. Muda mfupi ni kwa sababu mshindi wa pili bado anasubiri, hataki kuachiwa mpaka wewe ujibu. Si njama.

Kalamu_Butu:
Njama au uzembe, wikiendi iliyoharibika ni yangu.

Mzee_wa_Kona:
Mimi bado nasema ukiuliza maswali mengi wanampa huyo wa pili.

Mtoka_Ofisini:
Inatokea. Sitakudanganya.

Kalamu_Butu:
Mrejesho, Jumatatu saa 4 asubuhi. Niliwaandikia Jumamosi. Muda wamesogeza hadi Jumatano, na kuanza kazi ni siku 35 baada ya uhakiki kukamilika. Bosi hawatampigia mpaka niwaruhusu. Kuhusu mshahara wa msingi hawajagusa hata neno moja. Bi Faili, niulize tena au huo ukimya ndio jibu?